Asilimia 95 ni sifa ya njia, si ya jibu lililopatikana

Ripoti ya utafiti wa maoni inasema hivi: watu 400 waliochaguliwa kwa nasibu waliulizwa kama wanaunga mkono pendekezo fulani, na 220 kati yao wakajibu ndiyo. Hiyo ni asilimia 55. Chini yake imeongezwa kwamba masafa ya uhakika, kwa kiwango cha asilimia 95, yanaanzia 50.1 na kuishia 59.9. Mwandishi wa habari anausoma mstari huo, anaona kwamba hata ncha ya chini imevuka nusu, na kesho yake kichwa cha habari kinasema: "Kuna uhakika wa asilimia 95 kwamba wengi wanaunga mkono."

Wasomaji wengi wataipita sentensi hiyo bila kushtuka. Mimi naona ina makosa mawili. La kwanza ni gumu kulinasa kwa sababu linafanana sana na ukweli. La pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, nalo halionekani kabisa ndani ya hesabu.

Kwanza tuone masafa hayo yametoka wapi. Kanuni inayofundishwa darasani, na inayotumiwa na watafiti wengi, ni hii:

```
p ± 1.96 × √( p(1 − p) / n )
```

Hapo `p` ni uwiano uliopatikana, yaani 0.55, na `n` ni idadi ya waliojibu, yaani 400. Zidisha 0.55 kwa 0.45, gawa kwa 400, kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata takriban 0.025. Namba hiyo inaitwa kosa sanifu. Inatueleza kwamba kama tungewachagua watu 400 wengine kwa nasibu na kuwauliza swali lilelile, asilimia ya waliosema ndiyo isingekuwa 55 tena kamili. Ingepanda au kushuka, na mtawanyiko wake wa kawaida ungekuwa kama pointi mbili na nusu. Zidisha kwa 1.96 na unapata pointi 4.9 kila upande. Hiyo 1.96 inatokana na umbo la msambao wa kawaida, ule mchoro unaofanana na kengele, ambamo asilimia 95 ya matokeo huangukia ndani ya umbali huo kutoka katikati.

Tazama pia kile ambacho hakimo katika kanuni: idadi ya watu wote nchini au mjini. Sampuli ya 400 inakupa masafa yaleyale kwa watu laki moja na kwa watu milioni arobaini. Wanaolalamika kwamba "watu 400 hawawezi kuwasemea mamilioni" wanaelekeza mashaka yao mahali pasipostahili. Mashaka yanayostahili yapo, na tutayafikia.

Sasa, asilimia 95 inamaanisha nini? Njia nzuri ya kuielewa ni kujifanya, kwa muda, kwamba tunaujua ukweli. Tuseme katika watu wote, wanaounga mkono ni asilimia 52 hasa. Watafiti hawajui hilo. Wanachagua watu 400, wanawauliza, wanapiga hesabu. Timu moja inapata 49, na masafa yake yanakwenda kutoka 44.1 hadi 53.9, ile 52 imo ndani. Timu nyingine inapata 55, kama ripoti yetu, na masafa yake ya 50.1 hadi 59.9 nayo yameibeba 52. Timu ya tatu inabahatika vibaya, inapata 58, na masafa yake yanaanzia 53.2. Hiyo imekosa. Rudia zoezi hilo mara elfu moja, na takriban masafa 950 yatakuwa yameukamata ukweli, huku kama 50 yakiwa yamepita kando.

Zingatia kinachotembea na kilichotulia. Ukweli, ile 52, haukusogea hata kidogo. Ni kama kigingi kilichochimbiwa ardhini, na kila utafiti unarusha kitanzi chake. Asilimia 95 ni rekodi ya mrushaji: kati ya vitanzi mia anavyorusha, kama 95 huangukia kwenye kigingi. Kitanzi kimoja kikishatua, ama kimezunguka kigingi ama hakikuzunguka. Na sisi, tulioko gizani, hatuna alama yoyote juu ya kitanzi hicho ya kutuambia kipo katika kundi gani. Masafa ya 50.1 hadi 59.9 yanaonekana sawa kabisa yakiwa yamepatia au yamekosea.

Hoja hii ina umri mrefu. Mwaka 1934 mtakwimu Jerzy Neyman aliwasilisha mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu mjini London makala yake kuhusu uchaguzi wa sampuli, na humo akaeleza masafa ya uhakika. Arthur Bowley, mtakwimu aliyeheshimiwa sana wakati huo, alieleza wasiwasi wake katika mjadala uliofuata. Hakuwa na hakika kama neno "uhakika" halikuwa aina ya kiini macho, na aliuliza kama njia hii kweli inatupa tunachokitaka, yaani uwezekano kwamba uwiano wa watu wote umo ndani ya mipaka tuliyoichora. Jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba haitupi. Neyman, katika makala yake ya mwaka 1937, hakubisha juu ya hilo. Alisisitiza kwamba sampuli ikishachukuliwa na mipaka ikishaandikwa, hakuna tena uwezekano wa kuzungumzia: umo au haumo.

Anayedhani huu ni ubishi wa maneno tu apime mfano ufuatao. Timu mbili zinafanya utafiti uleule, siku ileile, kwa uadilifu uleule. Ya kwanza inapata 220 kati ya 400 na masafa ya 50.1 hadi 59.9. Ya pili inapata 260 kati ya 400, na masafa yake ni 60.3 hadi 69.7. Ni nadra, lakini hutokea. Masafa haya mawili hayagusani popote. Kama kila moja lingekuwa na uwezekano wa asilimia 95 wa kuubeba ukweli, tungejumlisha na kupata asilimia 190, kitu kisichowezekana. Lakini kila timu imetumia njia ambayo kwa muda mrefu hupatia mara 95 kati ya 100, na hilo halijabatilika. Asilimia 95 inabaki kwa njia. Kwa jibu moja haihami.

Ukitaka kusema waziwazi "uwezekano kwamba ukweli upo kati ya 50.1 na 59.9 ni kadhaa," ipo njia ya kulifikia hilo, ile inayoanzia kwenye kanuni ya Bayes. Inakudai uweke mezani kwanza kile ulichokijua kabla ya utafiti. Kama hukujua chochote, na sampuli ni ya watu 400, mipaka yake itakaribiana sana na hii yetu, na ndiyo maana wengi huchanganya tafsiri mbili hizi bila kuadhibiwa. Adhabu huja pale ambapo kulikuwa na la kujua. Tafiti tatu nzuri za miezi iliyopita zikiwa zote zimetoa asilimia 46 au 47, na ghafla mmoja mpya ukatoa 55, msomaji mwenye busara atahisi kwamba huenda huu ni mmoja wa wale watano kati ya mia waliopita kando. Hisia hiyo ni halali, na masafa yenyewe hayana pa kuiweka.

Kuna tafsiri nyingine inayosambaa sana: kwamba utafiti ukirudiwa, jibu jipya litaangukia ndani ya masafa yetu mara 95 kati ya 100. Hapana. Jibu jipya nalo lina mtikisiko wake, na letu lilikuwa na wake, hivyo tofauti kati yao ni kubwa kuliko umbali wa mojawapo kutoka kwenye ukweli. Ukipiga hesabu, jibu la pili huangukia ndani ya masafa ya kwanza kama mara 83 kati ya 100. Kwa hiyo, tafiti mbili zinapotofautiana zaidi ya ulivyotarajia, usikimbilie kusema mmoja ulighushiwa.

Hadi hapa nimezungumzia masafa moja. Ripoti halisi huwa na mengi, na hapo ndipo mambo huharibika kwa namna ambayo naiona kila mara. Watu wale 400 wanagawanywa katika makundi kumi ya watu 40 kwa umri, kazi au mkoa, na kila kundi linapewa asilimia yake. Kwa kundi la watu 40, masafa ni kama pointi 15 kila upande. Tuseme makundi yote kumi, kwa kweli, yanaunga mkono kwa asilimia 55 sawasawa, bila tofauti hata chembe. Bahati ya uchaguzi peke yake itafanya kundi la juu kabisa lionekane kwenye asilimia 67 au karibu na hapo, na la chini kabisa kwenye 43. Mchambuzi atayachukua hayo mawili, ataandika aya tatu kueleza kwa nini vijana wa huku wanaafiki na wazee wa kule wanapinga, na atakuwa ameeleza kitu ambacho hakipo.

Ubaya hapo uko katika kuchagua baada ya kuona. Ile rekodi ya mara 95 kati ya 100 inahusu masafa yote yanayotengenezwa, pamoja na yale ya kawaida yasiyovutia. Ukiwa na makundi kumi, na kila moja lina nafasi ya 5 kati ya 100 ya kukosea, uwezekano kwamba angalau moja limekosea ni kama asilimia 40. Na lililokosea kwa kawaida ndilo la kushangaza zaidi, ndilo linalopanda kwenye kichwa cha habari. Masafa uliyoyachagua kwa sababu yanashangaza hayana tena ile asilimia 95.

Makundi madogo yana shida nyingine, ya kihesabu tu, na ni rahisi kuigundua. Tuseme katika kundi moja la watu 40, waliosema ndiyo ni 2, yaani asilimia 5. Weka kwenye kanuni ile ya juu na utapata masafa yanayoanzia chini ya sifuri, karibu hasi 1.8, mpaka 11.8. Asilimia hasi ya watu haipo. Na kama hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo, kanuni itakuambia masafa ni sifuri hadi sifuri, kana kwamba kuuliza watu 40 kumethibitisha kwamba hakuna mtu duniani anayeafiki. Kanuni haikutengenezwa kwa hali hizo. Inategemea ule umbo la kengele, na umbo hilo halijitokezi pale ambapo majibu ya upande mmoja ni machache mno.

Edwin Wilson alitoa mwaka 1927 kanuni inayolitatua hilo. Badala ya kupima mtikisiko kwa kutumia asilimia iliyopatikana, anauliza ni uwiano upi wa kweli ambao ungeweza kutoa matokeo kama haya bila ajabu kubwa. Kwa 2 kati ya 40, jibu lake ni takriban 1.4 hadi 16.5: masafa hayashuki chini ya sifuri, na yameegemea juu, kama inavyostahili. Kwa 0 kati ya 40, ncha ya juu inafika karibu 8.8. Kwa 220 kati ya 400 inatoa 50.1 hadi 59.8, yaani karibu hakuna tofauti na kanuni ya darasani. Programu nyingi za takwimu zinayo tayari, na sioni sababu ya mtu kuendelea kutumia ile ya zamani kwa makundi madogo. Ukiona kwenye jedwali ncha hasi, au ncha mbili zilizo sifuri, umejua kwamba aliyeandaa hakuangalia.

Sasa kosa la pili, lile nililosema lina madhara zaidi. Hesabu yote hii inajua aina moja tu ya kosa: lile la bahati, la kwamba tulichagua watu hawa na si wale. Haijui chochote kuhusu walioombwa wakakataa, wasiopokea simu, walioficha wanachofikiri, au namna swali lilivyopindwa.

Turudi kwenye watu wetu 400 na kuuliza jambo ambalo ripoti nyingi hulifukia: waliombwa wangapi? Tuseme walitafutwa watu 1,000, na 600 hawakujibu. Kama hao 600 wana maoni sawa na waliojibu, hakuna tatizo. Lakini wanaounga mkono jambo mara nyingi wana hamu zaidi ya kulizungumzia. Tuseme kati ya walionyamaza, wanaoafiki ni asilimia 45. Basi kwa wote 1,000, wanaoafiki ni 220 kati ya waliojibu na 270 kati ya wasiojibu, jumla 490. Ukweli ni asilimia 49, chini ya nusu, nje ya masafa yetu. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Ilitupa mipaka sahihi ya jambo jingine, yaani maoni ya watu wa aina ile inayokubali kujibu.

Na dawa ambayo kila mtu huikimbilia, kuongeza sampuli, hapa inaongeza ugonjwa. Kusanya majibu 40,000 badala ya 400, kwa ukimya uleule wa walio wengi, na masafa yatabana hadi 54.5 na 55.5. Yatapendeza machoni. Yatakuwa yamejikaza kulizunguka jibu lisilo la kweli, huku ile 49 ikibaki mbali zaidi na mipaka kuliko mwanzo.

Hilo lilishatokea hadharani. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani liliwapelekea watu kwa posta karatasi za kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais wa mwaka huo, wengi wao wakiwa wametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na likapokea majibu zaidi ya milioni mbili. Kwa idadi hiyo, kanuni yetu ingetoa mipaka isiyofika hata moja ya kumi ya pointi kila upande. Jarida lilitabiri ushindi wa Alf Landon. Franklin Roosevelt alishinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura zote. Kosa lilipita pointi 15, na hakuna masafa ambayo yangeliona likija, kwa sababu halikuwa kosa la bahati. Orodha iliegemea upande mmoja, na kati ya waliotumiwa karatasi, waliojisumbua kuirudisha hawakufanana na waliozitupa.

Linabaki jambo moja ambalo haliko mbali kiasi hicho, kwa kuwa linahesabika, na bado ripoti nyingi huliruka. Kanuni ya juu inachukulia kwamba kila mmoja wa wale 400 alichaguliwa peke yake. Watafiti wanaokwenda nyumba kwa nyumba hawafanyi hivyo, gharama hairuhusu. Wanachagua vijiji au mitaa kadhaa, kisha wanahoji watu kumi au ishirini katika kila mmoja. Majirani hufanana kimaoni, kwa hiyo mtu wa kumi katika mtaa uleule hakuongezei habari nyingi kama mtu wa kumi kutoka mahali pengine. Watakwimu hupima upungufu huo kwa namba wanayoiita athari ya muundo. Ikiwa ni 2, kiwango ambacho si cha ajabu kwa tafiti za aina hii, watu wako 400 wana thamani ya 200 tu waliochaguliwa mmoja mmoja.

Weka 200 mahali pa 400 kwenye kanuni. Mipaka inapanuka kutoka pointi 4.9 hadi 6.9, na masafa yanakuwa 48.1 hadi 61.9. Ile ncha ya chini iliyomfurahisha mwandishi wa habari imerudi chini ya nusu, ingawa hakuna jibu hata moja lililobadilika. Kwa takwimu hizo, kilichokuwa halali kuandikwa ni kwamba kati ya waliokubali kujibu, 55 kati ya 100 waliunga mkono. Kwamba njia iliyotumika, kwa kuzingatia mitaa iliyochaguliwa, inatoa mipaka ya 48 hadi 62. Kwamba data hizi peke yake hazitoshi kusema kama walio wengi wako upande gani. Na kwamba watu 600 kati ya 1,000 waliotafutwa hawakusikika.